Vitambaa vyangu havikauki

*Shangazi, shikamoo. Niko na miaka 15, tunakaa Kadutu hapa Bukavu. Nikiwa mwezini natumia vitambaa 4 vya kitenge. Navificha chini ya godoro vikauke, kwa sababu nalala chumba kimoja na kaka zangu. Sasa kila mwezi nawashwa sana. Ni ugonjwa?*

Marahaba, mwanangu. Ninavyoona, unavaa vitambaa vibichi. Chini ya godoro hakuna upepo wala jua, na unyevu unaosugua ngozi huichubua, tena ukungu hupenda mahali hapo.

Tuhesabu. Kitambaa hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo: asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Hivyo ni 4 kwa siku. Ukifua Jumatatu jioni na mvua yetu hii, Jumanne ni siku ya kukausha tu. Kwa hiyo Jumanne unahitaji vingine 4. Vyote 8. Kata shuka la pamba lililochakaa. Kitenge kipya hakinyonyi vizuri.

Loweka kwanza katika maji baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Kisha fua kwa sabuni, usuuze mpaka maji yatoke meupe bila povu, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo huwasha. Anika nje juani. Ukiona haya, tandaza juu yake kitenge chepesi. Upepo utapita na kaka zako wataona kitenge tu. (Wakiuliza, waambie ni nguo zako. Si uongo.) Mvua ikinyesha, anika chini ya paa panapopita upepo, halafu piga pasi ya makala pande zote mbili hadi mvuke uishe. Kabla ya kukunja, bana sehemu nene ya kitambaa shavuni: ukihisi ubaridi, bado. Vilivyokauka kabisa weka katika mfuko safi wa nguo. Sashe ni ya kubebea tu vilivyotumika kutoka shuleni, na uvitoe ukifika tu nyumbani.

Mwilini, osha sehemu ya nje tu kwa maji safi. Ndani hujisafisha kwenyewe. Usitie sabuni, chumvi wala limao, hata rafiki akuapie kwamba limemponya.

Anza hivyo mwezi huu. Lakini ukiona uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, au harufu mbaya, au mkojo unachoma, au tumbo la chini linauma pamoja na homa, usingoje mwezi mwingine. Nenda santre ya afya, uombe kuonana na muuguzi mwanamke. Mweleze unawashwa wapi na tangu lini. Dawa ya ukungu si dawa ya maambukizi mengine, ndiyo maana usinunue ya kubahatisha.

Na mama yako umwambie hivi: “Mama, naomba shuka la zamani nikate vitambaa vya mwezini.”