Hoteli inataka video zangu "daima na popote": nitie sahihi?

Swali: Wakili, mimi ni msichana wa Lamu, naposti video za kwetu na nina wafuasi elfu 38. Hoteli moja ya Shela inanipa shilingi 60,000 na malazi ya siku mbili kwa video 3 na stori 10. Mkataba unasema video ni "mali ya Hoteli daima na popote", nisitangaze "biashara nyingine yoyote ya utalii Pwani" kwa miezi 12, na video "zionekane kama mapumziko binafsi". Je, nikifuta kile kipengele cha "daima" nitakuwa salama?

Jibu: Hapana, dada yangu, kukifuta hakutoshi, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Watu huamini kwamba aliyeshika kamera ndiye mwenye video. Kwa kazi ya kuagizwa, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema kinyume: hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mkataba ukinyamaza, hoteli inaweza kudai video ni zake. Badala ya kufuta, andika hivi:

"Hakimiliki ya video inabaki kwa mtengenezaji. Hoteli inaruhusiwa kuziweka kwenye kurasa zake yenyewe za Instagram na Facebook na kwenye tovuti yake kwa miezi 6 tangu video ya kwanza ipostiwe. Kuzitumia kwenye matangazo ya kulipia, mabango au televisheni, au kumpa mtu mwingine, kutahitaji idhini ya maandishi na malipo mapya."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye pesa. Hoteli ikiweka video kwenye ukurasa wake, wataiona wanaoifuata. Ikiilipia kama tangazo, uso wako utawafikia watu Nairobi na Ulaya kwa miezi, na hoteli nyingine ikikuona huko haitakuwa na hamu ya kukuita. Wakitaka hilo, liwe na bei yake na tarehe ya kuisha. Wakiomba kuendesha tangazo kupitia akaunti yako, hiyo ni ruhusa nyingine tena, na isichanganywe na hii.

Sasa kile kifungo cha miezi 12. "Biashara yoyote ya utalii Pwani" inamgusa nahodha wa mashua anayepeleka wageni Manda, mwenye mkahawa wa Malindi, hata binamu yako mwenye vyumba viwili vya kupangisha Langoni. Tuseme hao wadogo wanakuletea shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000, nawe unaziacha kwa ajili ya 60,000. Hoteli ina haki ya kutotaka uisifu Jumatatu kisha Jumatano umsifu jirani yake, lakini siku 60 baada ya video ya mwisho zinatosha, na zihusu "hoteli na nyumba za wageni zilizo Shela" tu. Mashua, vyakula na ziara za mji vitajwe wazi kuwa haviguswi. Waking'ang'ania Pwani nzima kwa mwaka, waambie walipe hizo 180,000 juu ya ada.

Maneno "mapumziko binafsi" yakatae kabisa. Umelipwa, na malazi ya bure nayo ni malipo. Instagram inakutaka uwashe alama ya Paid partnership, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mimi ningeongeza "tangazo la kulipiwa" mwanzoni mwa maelezo, kwa Kiswahili.

Kuhusu kazi yenyewe, weka marekebisho mara 2 kwa kila video, na hoteli ikinyamaza saa 48 baada ya kuletewa, video ihesabiwe imekubaliwa. Nusu ya pesa ilipwe kabla hujapiga picha. Wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani 3,000, usigombane nao, dai cheti chake.

Hukutaja mwenendo, lakini mikataba hii huwa nacho kipengele hicho. Tafuta maneno kama "tabia isiyofaa kwa maoni ya Hoteli". Kwa maneno hayo, picha yako kwenye harusi inaweza kutosha kukunyima malipo. Yabadilishwe yawe matendo yaliyotajwa: kuhukumiwa kwa jinai, au kuikashifu hoteli hadharani. Upewe notisi ya maandishi na siku 7 za kujibu, na video zilizokwisha kutoka zilipwe hata mkiachana. Nawe ujiwekee mlango: hoteli ikiingia kwenye kashfa, au ikikulazimisha kuvaa au kunywa usichotaka mbele ya kamera, uwe huru kujitoa bila kurudisha ulicholipwa kwa kazi uliyokwisha kuifanya.