Fyuzi ya laita na kigawanyo cha matundu matatu

"Wakuu, nina Hiace ya kukodi, safari zangu ni za mikoani. Nimechomeka kigawanyo cha matundu matatu kwenye laita ili abiria wachaji simu, lakini fyuzi inaungua karibu kila safari na redio inazimika nayo. Je, nikitoa fyuzi ya 15 nikaweka ya 30, nitakuwa nimemaliza tatizo?"

Mkuu, usiweke ya 30. Fyuzi hiyo ya bluu iliwekwa kulinda waya unaopita nyuma ya dashibodi, wala si kulinda simu. Ukiweka ya 30, waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi, nao uko mahali ambapo moshi utauona umeshachelewa.

Kwanza kumbuka fyuzi inaungua baada ya muda gani. Ikiwa inakatika papo hapo unapochomeka kitu au unapowasha swichi, hiyo ni shoti: pengine sarafu au karatasi ya bablishi imedumbukia ndani ya tundu, au waya wa kigawanyo umechubuka chini ya kiti. Ikiwa inavumilia dakika kadhaa ndipo inakatika, basi hakuna shoti, bali mzigo umezidi. Fyuzi ya ampea 15 haikatiki palepale mzigo unapofika 16. Inaweza kuvumilia kwa muda mrefu sana, na kadiri unavyozidi kupanda ndivyo inavyokatika mapema.

Halafu piga hesabu, kwa sababu simu zinasingiziwa mno. Chaja tatu zenye milango miwili, kila mlango wati 12, zinatoa wati 72. Ongeza kidogo kinachopotea kama joto, unafika wati 80 hivi. Injini ikiwa inazunguka, umeme wa gari huwa karibu volti 13.5, kwa hiyo unavuta ampea 6 tu. Simu sita za namna hiyo haziwezi kuunguza fyuzi ya 15, na hata chaja za kasi za wati 18 zingefikisha ampea 9 au zaidi kidogo. Kwa hiyo nenda katafute ni nini kingine kimechomekwa.

Mimi nilijifunza hayo nikiwapeleka watu wa msiba Iringa kutoka Mbezi. Simu zilichajiwa vizuri mpaka tukapita Morogoro, ndipo kijana mmoja akachomeka inveta ya wati 200 kwa ajili ya kompyuta yake yenye chaja ya wati 90. Chaja hiyo peke yake, ukihesabu na upotevu wa inveta, ilivuta karibu ampea 9, na pamoja na simu tukawa tumegusa 15. Fyuzi ilistahimili. Mwenzake alipoongeza kompyuta ya wati 65 tukafika ampea 21 hivi, na baada ya dakika chache redio ikanyamaza.

Kilichonishtua zaidi ni kigawanyo chenyewe. Kiliandikwa ampea 10, na ndani ya kichwa chake, ukifungua ile ncha ya chuma kwa kuizungusha, hukaa fyuzi ndogo ya kioo ambayo ilipaswa kukatika kabla ya ile ya gari. Nilipofungua nikakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imeviringishwa mahali pa fyuzi (utingo wangu alikiri baadaye), na plastiki inayozunguka ncha ilikuwa imegeuka kahawia na kulainika. Nilikitupa. Kwa hiyo nawe fungua hicho chako kabla ya kumwita fundi.

Baada ya hapo laita niliiachia simu peke yake. Kwa ajili ya inveta, fundi waya alinivutia waya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi yake ya 20 karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Inveta naiwasha injini ikiwa inazunguka tu. Kila tunaposimama kula nagusa kichwa cha kigawanyo kipya: kikiwa vuguvugu, sawa, kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa kidole, chemchemi za pembeni zimelegea na hazishiki vizuri, jambo linaloweza kuyeyusha tundu hata kama ampea ni chache na fyuzi ni nzima.

Wenye malori msiige hesabu hii kabla ya kupima, kwani mengi yana volti 24. Chaja iliyoandikwa 12V peke yake itakufa humo. Tafuta iliyoandikwa 12V-24V, au funga kipunguza volti. Na msikubali fundi anayechukua volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili: hiyo moja itakuwa na njaa kila siku huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati.