Mche umelegea baada ya kuhamishwa

Nimepanda mparachichi wa kubebeshwa, una wiki moja shambani. Mchana majani yanalegea ingawa udongo umelowa. Nizidishe maji? (Msomaji, Kibosho)

Subiri kwanza. Pima udongo uliotoka na kiriba, si ule wa shimo. Wiki hizi za mwanzo mizizi bado imo ndani ya donge lile, nalo linaweza kukauka huku udongo wa pembeni ukiwa chepechepe. Chomeka kidole sentimita 5 hivi, karibu na shina. Pakiwa pakavu, mwagia lita 3 hadi 5 polepole papo hapo, asubuhi. Pima tena baada ya siku 2 au 3.

Pakiwa pamelowa, usiongeze hata kikombe. Mizizi ya parachichi ikikosa hewa huoza upesi, na mche uliooza mizizi hulegea sawasawa na wenye kiu. Hapo ndipo wengi huumaliza kwa maji. Utazame alfajiri: ukilegea saa nane mchana kisha ukakuta umesimama asubuhi, mizizi inafanya kazi ila haitoshelezi majani wakati wa jua kali. Unachohitaji ni kivuli. Simika makuti ya migomba upande wa magharibi kwa wiki 2 au 3, kisha uyapunguze kidogo kidogo. Tandaza pia majani makavu chini, ila yasiguse shina. Ukiukuta umelegea hata alfajiri na udongo umelowa, acha kumwagilia na uchimbe mfereji wa kutoa maji.

Jirani kaniambia niweke yurea kidogo ili mche niliouhamisha uchangamke. Ni sawa? (Msomaji, Usa River)

Hapana. Mbolea ya chumvichumvi ikikolea kwenye udongo huzuia mizizi kunyonya maji, na mizizi iliyokatika ndiyo inayoungua kwanza. Samadi mbichi nayo inaunguza. Ngoja majani mapya yafunguke na kukomaa.

Ua langu la sebuleni nilitoa kwenye chungu cha sentimita 15 nikaweka cha 30. Majani ya chini yanageuka njano. (Msomaji, Njiro)

Chungu ni kikubwa mno. Udongo wote ule unashika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Lirudishe kwenye chungu cha sentimita 18 hadi 20 chenye matundu chini, bila kulivunja donge. Kokoto chini ya chungu hazisaidii, ingawa kila mtu anaziweka.

Mparachichi wangu umepukutisha majani yote. Niung'oe? (Msomaji, Marangu)

Kwangua gome kidogo kwa ukucha, juu ya pale ulipobebeshwa. Pakiwa kijani na pana unyevu, mche u hai. Uachie kivuli na usubiri wiki 4 hadi 6. Pakiwa kahawia na pakavu, kwangua chini ya maungio. Kijani cha huko chini ni cha mti wa asili, si cha aina uliyonunua. Ukiuacha utachipua na utapata matunda usiyoyategemea, kwa hiyo ubebeshwe upya au upande mwingine.