Makro za smuthi ya ndizi, maziwa, oti, karanga na asali

Smuthi hii ikitengenezwa kwa vipimo vya kawaida vya nyumbani, glasi moja kubwa inabeba kalori kama 650. Huo ni mlo kamili, si kinywaji cha kushushia chapati. Anayeinywa juu ya kifungua kinywa chake cha kila siku amekula mara mbili. Na anayeinywa akiamini ni kinywaji cha protini naye ajue kwamba kama nusu ya nguvu yake inatoka kwenye wanga, zaidi ya theluthi kwenye mafuta, na protini ndiyo inayoshika mkia.

Makro ni vile virutubisho vitatu vinavyoupa mwili nguvu: protini, wanga na mafuta. Ukivijua kwa kila kiungo, unaweza kupandisha au kushusha kinywaji chako bila kubahatisha. Hivi ndivyo vipimo vya mtu mmoja:

- Maziwa freshi ya ng'ombe, yasiyopunguzwa mafuta, mililita 250: kalori 157, protini gramu 8, wanga 12, mafuta 8.5.
- Ndizi mbivu iliyokwisha kumenywa, gramu 120: kalori 107, protini 1, wanga 27, mafuta karibu na sifuri.
- Oti kavu, gramu 40: kalori 152, protini 5, wanga 27, mafuta 2.5.
- Karanga za kukaanga bila mafuta, gramu 30: kalori 170, protini 8, wanga 6, mafuta 15.
- Asali, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, gramu 21: kalori 64, wanga 17, basi.

Jumla ni kalori 650, protini gramu 22, wanga 89 na mafuta 26. Ukipiga hesabu ya kawaida, ambapo gramu ya protini au wanga ni kalori 4 na ya mafuta ni 9, utapata karibu 680. Usihangaike na hiyo tofauti. Ndani ya wanga ule mna kama gramu 10 za nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzivuni zote kuwa nguvu, na namba za vitabuni zimeshalizingatia hilo.

Sasa tazama protini inatoka wapi. Maziwa na karanga kila kimoja kinaleta gramu 8, oti zinaleta 5, na tunda halileti kitu cha kuhesabika. Tofauti kubwa iko kwenye chanzo cha kalori. Maziwa yanakupa gramu 8 hizo kwa kalori 157. Karanga zinakupa kiasi hicho hicho kwa kalori 170, lakini nyingi zake zimo kwenye mafuta. Kwa hiyo mtu anayeongeza karanga "ili apate protini" kwa kweli anaongeza mafuta, na protini inakuja kama nyongeza. Mafuta yenyewe si mabaya, mengi yake ni ya aina isiyoganda. Ila ni mengi: karanga ni mafuta karibu nusu ya uzito wake.

Hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapoharibika. Kiganja cha karanga si kipimo. Mtu mwenye mkono mdogo anachota gramu 25, mwenye mkono mkubwa anafika 50, na tofauti hiyo peke yake ni kalori kama 140. Siagi ya karanga ni mbaya zaidi, kwa sababu inapanda juu ya kijiko na kukaa. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu ni gramu 16, sawa na kalori 95 hivi. Kile kilichorundikwa, chenye mlima na mengine yakining'inia chini, kinaweza kufika gramu 30 na zaidi. Umeandika kijiko kimoja, umekula viwili.

Dawa ni mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka chombo cha blenda juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, weka oti, irudishe tena kwenye sifuri, weka karanga, na uendelee hivyo hadi mwisho. (Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo mililita 250 zitasoma gramu 258.) Asali usiipime kwenye kijiko kabisa, maana sehemu yake inabaki imeganda kwenye kijiko. Iminye moja kwa moja kutoka kwenye chupa huku ukitazama namba. Ndizi ipime baada ya kuimenya. Ganda ni kama theluthi ya uzito wake, hivyo ndizi ya gramu 180 sokoni ni gramu 120 kwenye blenda.

Kuhusu asali, msimamo wangu ni kwamba ndicho kiungo cha kwanza kukiondoa. Kwa upande wa makro asali ni sukari na maji. Mzinga ukiwa wa nyuki wa Tabora au wa Kitui, namba hazibadiliki kwa maana yoyote. Utamu unaoutafuta unaweza kuupata kwenye ndizi yenyewe ukiiacha iive mpaka ganda lipate madoadoa meusi. Wanga wa ndizi unapoiva unageuka kutoka wanga mgumu kuwa sukari, lakini jumla yake inabaki karibu ile ile. Yaani ndizi ile ile inakuwa tamu zaidi bila kuongeza kalori. Anayetumia ndizi ambayo bado ina ukijani kwenye ncha atahitaji asali vijiko viwili, na hapo ameongeza kalori 128 kwa sababu ya haraka tu.

Ukibadilisha tunda, embe linakaa chini ya ndizi: gramu 100 zina kalori kama 60. Parachichi liko katika kundi jingine kabisa, gramu 100 ni kalori 160 na gramu 15 za mafuta, kwa hiyo likiingia, punguza karanga. Papai na nanasi ambavyo havijapikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa. Ukinywa papo hapo hutaona kitu, lakini ukiiacha smuthi kwenye friji saa chache utakuta imekuwa chungu. Watu hulaumu maziwa, kumbe ni tunda.

Tuchukue mtu anayetaka kupunguza uzito lakini asipoteze protini. Ndizi ishuke hadi gramu 80, oti 25, karanga 15, asali itoke, maziwa yabaki mililita 250. Kalori zinashuka hadi kama 410, lakini protini nayo inaanguka hadi 16. Kuirudisha, ongeza gramu 20 za maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, ambazo zina protini gramu 7 kwa kalori 72 tu. Sasa una kalori 480 na protini gramu 23: protini ni kama ile ya glasi ya kwanza, kalori pungufu kwa 170. Soma pakiti vizuri, kwani maziwa ya unga ya kawaida yenye mafuta yake yana protini pungufu na kalori nyingi zaidi kwa uzito huo huo, na ile ya kutia kwenye chai wakati mwingine si maziwa bali ni mafuta ya mimea na sukari.

Anayetaka kunenepa afanye kinyume, na hapa karanga ndizo rafiki. Gramu 20 za ziada ni kalori 113 ambazo hazijazi tumbo kama oti. Oti zikizidi gramu 60 smuthi inakuwa uji na mtu anashindwa kuimaliza. Mtindi mtupu badala ya maziwa haubadilishi makro kwa kiasi cha kusumbua, ila ule wenye ladha ya stroberi na vanila umetiwa sukari. Yai bichi liache. Hatari ya bakteria ni ya kweli, na protini yake ya gramu 6 unaipata kirahisi kwenye maziwa ya unga.

Jambo moja kuhusu karanga kabla ya kusaga: zichambue kwa mkono kwenye sinia. Toa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya kuvunda. Sumu ya kuvu inayoshika karanga zilizohifadhiwa na unyevu haiondoki yote kwa kukaangwa, na ukishasaga na kutia asali ulimi hautakuonya. Ndiyo sababu ni salama zaidi kununua punje nzima kuliko unga wa karanga uliokwisha sagwa.

Kusaga kwenyewe kuna mpangilio. Anza na oti na karanga zikiwa kavu, zisage kwenye kikombe kidogo cha blenda mpaka ziwe unga wa chengachenga. Usizidishe, karanga zikipata joto zinatoa mafuta na kugandamana chini ya visu. Hamishia unga huo kwenye jagi, mimina maziwa na asali juu yake, koroga, acha dakika 10 ili oti zinywe maziwa. Asali inayotiwa mwishoni pamoja na barafu inaganda ukutani mwa jagi, na makro zako zinaoshwa kwenye sinki. Kisha weka ndizi, ikiwezekana vipande vilivyogandishwa, saga sekunde 40 hadi 60. Ukikuta mchanga mchanga mdomoni, tatizo ni oti kutoloweka, si blenda mbovu.

Kama mnakunywa wawili, usigawe kwa macho, kwa sababu unga wa karanga na oti hushuka chini na wa pili ndiye anayepata nguvu nyingi. Koroga, kisha pima jumla. Vipimo vya juu vinatoa kama gramu 469, hivyo kila gramu 100 ni kalori 139 na protini karibu 5. Ukitia barafu, uzito unaongezeka bila kalori, kwa hiyo gawa jumla ya kalori kwa uzito mpya.

Ikikaa nusu saa itakuwa nzito, na wengi hufungua tena pakiti ya maziwa kuilegeza. Maziwa hayo nayo yaandikwe, au tumia maji. Mwenye kisukari asiinywe ya gramu 89 za wanga kwa mara moja bila kuzungumza na daktari wake. Ile ya kupunguza uzito, ikigawanywa nusu, ndiyo ya kumpelekea kama swali. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe yenye asali hata kijiko, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga.