Funga wavu kabla ya kushika mwiko: kwa vijana wanaoanza matangi ya ferosimiti

Juzi nimepita kwenye kazi moja huku Kitui nikakuta vijana watatu wakirusha mota kwenye tangi la ferosimiti, yaani ukuta mwembamba wa mota ulioshikwa na wavu wa waya ndani yake. Wavu ulikuwa umevimba kuelekea nje upande mmoja, kitambi cha wazi kabisa, na hakuna aliyeshughulika nao. Nilipouliza, nikajibiwa kwa heshima zote, "Usijali mzee, hapo tutajazia." Mota itajazia. Tangu nianze kazi hii nasikia neno hilo, na kila anayelisema hudhani amelivumbua yeye. Basi wadogo zangu, kabla hamjajazia, nisikilizeni kidogo.

Nitatumia tangi la kawaida la huku kwetu: duara la kipenyo cha mita 2.5, kimo mita 2 za maji, yaani karibu lita 9,800. Wavu wa BRC wa waya wa milimita 3 wenye matundu ya sentimita 15, wavu wa kuku ndani na nje, na waya wa mabati wa milimita 3 uliozungushwa nje.

1. Jua ni nani anayebeba maji.

Si mota. Chini kabisa ya tangi hilo maji yanasukuma kila mita mraba ya ukuta kwa uzito wa tani 2. Kwa kuwa ukuta ni duara, msukumo huo unageuka kuwa mvuto unaozunguka tangi: ukanda wa ukuta wa kimo cha mita moja, ukipata shinikizo hilo la chini, unavutwa kwa tani 2 na nusu. Sasa hesabu nyuzi. Ukizungusha waya kila sentimita 5 unapata nyuzi 20 katika mita hiyo, na BRC inakuongezea 6 au 7. Kila uzi unabeba karibu kilo 95. Waya laini wa milimita 3 huanza kunyooka bila kurudi kwenye kilo 180 hivi, kwa hiyo uko nusu ya njia na unaweza kulala.

Yule anayezungusha kila sentimita 10 tangu chini mpaka juu ili abakishe waya, huko chini kila uzi wake unabeba kilo 150. Tangi halitalipuka, na ndiyo maana anarudia kosa hilo hilo kazi baada ya kazi. Waya utanyooka kidogo zaidi, mota haiwezi kunyooka nao, basi itachanika na maji yatapita. Nusu ya juu, ambako shinikizo ni dogo, sentimita 10 inatosha. Ubanie juu, usibanie chini.

Na wavu wa kuku? Katika hesabu hiyo sijauhesabu. Kazi yake ni kushika mota, na kugawanya ufa mmoja mkubwa uwe nyufa nyingi ndogo ambazo maji hayapiti. Kazi hiyo inafanyika karibu na waya tu. Ndipo tunafika kwenye kitambi.

2. Unene si nguvu.

Ukuta mzima una sentimita 3.5 hadi 4. Kutoka kwenye waya wa mwisho hadi uso wa mota panatakiwa milimita 3 hadi 5, si zaidi. Ukiona namba hiyo na umetoka kwenye zege la nguzo, unashtuka, kwa sababu huko umefundishwa kufunika chuma kwa sentimita 2 na kuendelea. Hapa mota ni nzito ya simiti, imeshindiliwa, na nyufa zake ni nyembamba, ndiyo maana kifuniko kidogo kinatosha. Mwitaliano Pier Luigi Nervi alijenga jahazi la tani 165 kwa namna hii miaka ya 1940, na ubavu wake ulikuwa na unene wa sentimita 3.5 hivi. Jahazi la baharini! Na wewe unataka sentimita 7 kwa tangi la shule.

Ukijaza kitambi, ile mota ya nje inakaa mbali na waya. Ikikauka inasinyaa, haina wa kuishika, inapasuka kama plasta yoyote ya ukutani. Aidha umeweka uzito mbichi ambao utaanza kuteleza kabla haujashika. Kitambi kinaondolewa kwa plaizi: fungia wavu wa kuku kwenye BRC kila sentimita 15 hadi 20, piga timazi kuzunguka tangi lote, palipotokeza vuta ndani ufunge tena. Kazi ya asubuhi moja, hata kibarua anaiweza. Wakati wa kupiga mota, kuwa na msumari wenye alama ya milimita 5, uchome hapa na pale mpaka ugonge waya. Alama ikizama, umezidisha.

3. Mota: simiti karai moja kwa mchanga karai tatu, mchanga wa mtoni uliopita chekeche ya milimita 2.5 hivi, na maji lita 20 hadi 22 kwa mfuko wa simiti, ukipunguza kama mchanga una unyevu. Msaidizi wa fundi akianza kuongeza maji ili toroli iwe nyepesi kuchanganya, mnyang'anye ndoo.

4. Maungio ya wavu.

Hapa nitasema ya kwangu, maana hili halipo kwenye mchoro wowote nilioonyeshwa na sitaki mlijue kwa njia niliyolijulia.

Lilikuwa tangi la shule, nami nikiwa msimamizi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nilitaka liwe na nguvu kuliko yote. Mchoro ulisema wavu wa kuku upandane sentimita 10. Nikapandisha 30. Tena kwa unadhifu wangu nikapanga maungio yote mahali pamoja: ungio la BRC, ungio la wavu wa ndani, na ungio la wavu wa nje, yote kwenye mstari mmoja wima. Ukihesabu, mahali hapo palikuwa na tabaka nne za wavu wa kuku na mbili za BRC. Nilisimama kando nikaona fahari. Kwa macho yangu hapo ndipo tangi lilipokuwa imara zaidi.

Tukafunga magunia nje, tukapiga mota kwa ndani kama kawaida. Kila mahali pengine mota ilipenya wavu na kugusa gunia. Kwenye maungio, tabaka nne zimefanya chujio: maji ya simiti yakapita, mchanga ukabaki ndani. Tulipovua magunia nikaona mstari wa waya mtupu wenye vishimo vikavu. Hapo palitakiwa mafundi wawili, mmoja ndani na mmoja nje wakielekezana, mota isukumwe kwa vidole vyenye glavu mpaka mmoja aone imetokea kwake. Lakini jua lilikuwa linazama na mawingu yamejaa. Nikasema, "Funikeni, kesho tutapiga nje." Kesho yake tukapiga nje, juu ya mota kavu, bila hata kuilowesha. Kwa macho tangi lilikuwa zuri mno.

Mvua ikajaza tangi. Mwalimu mkuu akanipigia, "Fundi, tangi lako linatoa jasho." Nikaenda na majibu yangu tayari: ni unyevu wa kawaida, utaziba wenyewe. Na ni kweli nyufa ndogo huziba zenyewe kwa chokaa ya simiti. Lakini huu ulikuwa mstari ulionyooka wima, na ufa wa kusinyaa hauendi kwa rula. Ningesoma mstari huo siku ile ile ningejua, kwa sababu ulikuwa umejiandika pale pale nilipounganisha wavu. Badala yake nikashusha maji nikapiga niru, ule uji wa simiti, kwa ndani. Ukavuja. Nikapiga tena nzito zaidi. Ukavuja mahali pengine, chini kidogo, maana maji yalikuwa yakiingia popote yanapopata upenyo, yanasafiri ndani ya uwazi kati ya mota mbili, na yanatokea yanapotaka. Michirizi myeupe ya chokaa ikaja, baadaye ikageuka kahawia. Kahawia ni kutu, na kutu ya waya wa kuku haichelewi, kwa sababu waya wenyewe ni mwembamba.

Mwishoni nilifanya kilichopaswa kuwa cha kwanza: nilichukua mpini wa nyundo nikagonga ukuta. Mota iliyojaa hutoa sauti kavu, fupi. Pale palilia kama debe. Nikafuata mlio kwa chaki, nikapata ukanda kutoka karibu na sakafu hadi kifuani. Tulipochimba, penseli iliingia yote kwenye uwazi. Tukabomoa ukanda wote, tukakata wavu wa ziada tukaacha tabaka moja kila upande yenye kupandana sentimita 10, tukalowesha kingo, tukapaka niru, na kabla niru haijakauka tukasukuma mota kutoka pande mbili. Gharama ya kazi ile niliilipa mwenyewe, na shule ilikunywa maji ya kununua wakati mvua inanyesha. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo: ungio la BRC upande huu, la wavu wa ndani upande ule, la wavu wa nje mbali na yote mawili. BRC peke yake ndiyo ipandane zaidi, tundu moja zima na ziada, kwa sababu yenyewe inabeba mzigo. Na gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo kabla hujapiga niru ya mwisho ya ndani.

5. Magunia mabichi juu ya tangi, maji asubuhi, mchana na jioni, wiki mbili, na ndani acha kina kidogo cha maji sakafuni. Tusibishane juu ya hili.

6. Paa.

Kuba la tangi hili lina unene wa sentimita 3 na uzito usiofika kilo 400, na likiwa na umbo sahihi linajibeba kwa kubanwa tu. Ila ukingoni linasukuma nje, na msukumo huo lazima ushikwe na mkanda wa waya juu ya ukuta. Kuba likiinuka sentimita 40 katikati, mkanda unavutwa kwa karibu kilo 90, kitu ambacho waya wa milimita 3 unakiweza. Likiinuka sentimita 15 tu kwa sababu fundi wa mbao amebania mbao, mvuto unapanda hadi karibu kilo 250 kwa uzito ule ule. Weka nyuzi mbili au tatu hata hivyo, maana kuna mtu atapanda kusafisha mfereji, lakini usikubali kuba bapa. Lile linalobonyea mahali pamoja ni baya zaidi, kwa sababu pale pa kubonyea halibanwi tena, linapinda, na sentimita 3 haziwezi kupinda.

Mkitoa nguzo zilizoshikilia mbao za kuba, baada ya siku 7 kwa uchache, legezeni ya katikati kwanza, kisha mwende nje kwa mzunguko mpaka ukutani. Ukianza na za ukingoni, ile ya katikati inabaki ikiinua kuba kwa chini huku kingo zikining'inia, na mpasuko unatokea juu, mahali ambapo hamna hata mmoja wenu anayetazama wakati huo kwa sababu wote mmeinama chini mnavuta mbao.