"Nitaona" Niliyomwambia Shemeji

Swali la wiki: "Ni makosa gani hugeuza kukataa kwa adabu kuwa matusi?"

Ndugu Mhariri,

Kosa ninalolijua vizuri ni kusema "nitaona" ilhali moyoni umekwisha kukataa, kwa maana nililifanya mwenyewe hapa Kisumu. Kaka wa mke wangu alinijia Jumapili moja na fomu ya mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, akitaka shilingi 240,000 za karo ya mwanawe. Wadhamini watatu walikuwa wameshatia saini; ilibaki yangu. Sikutaka, kwa kuwa akiba ya mdhamini hufungwa hadi deni lipungue au liishe, na mkopaji akishindwa kulipa, ndiyo inayokatwa. Nami nilikuwa nakaribia kustaafu, nikitaka kujitoa chamani na akiba yangu.

Badala ya kumweleza hivyo, nilisema, "Shemeji, niachie fomu, nitaona." Nilidhani nimemstahi, kumbe yeye alisikia ahadi. Kwa wiki mbili hakutafuta mdhamini mwingine, maana nafasi ile nilikuwa nimeishika mimi, na kamati ya mikopo ilikutana fomu yake ikiwa bado kabatini mwangu, chini ya sahani za wageni.

Aliponipigia simu nilizidi kuharibu. Nilimwomba radhi mfululizo, hadi yeye mwenye shida akawa ndiye anayenituliza: "Usijali, shemeji, usijali." Kisha, kwa kuona aibu, nikadai kwamba akiba yangu yote ilikuwa imeshadhamini mikopo ya watu wengine. Mmoja wa wale wadhamini watatu tulifanya kazi naye ofisi moja, na alijua fika kwamba sikuwa nimemdhamini mtu. Habari ilimfikia shemeji kabla ya jioni. Kunyimwa saini hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kudanganywa kama mtoto. "Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningemwendea jirani yako nikitoka kwako."

Hata udhuru wa kweli una hatari yake ukiwa wa muda. Ukimwambia mtu "mwezi huu siwezi", umemwalika arudi mwezi ujao, na akirudi utamwona king'ang'anizi ilhali wewe ndiwe uliyemwita.

Sisemi mtu akataliwe mlangoni. Kwetu mgeni huketishwa, huulizwa habari za nyumbani na huachwa amalize ombi lake, kwani kumkata kauli ni matusi hata kama jibu ni ndiyo. Lakini akishamaliza, nilipaswa kusema: "Samahani, shemeji, sitaweza kukudhamini. Nastaafu mwaka huu na akiba hiyo nataka kuitoa. Chukua fomu yako leo, upate mtu mwingine kabla kamati haijakutana." Samahani moja, sababu moja ya kweli, na fomu irudi mkononi mwake.

Mwaka uliofuata alikuja kuniomba gari la kubebea mahindi. Nilimkatalia kabla chai haijapoa, naye akanywa vikombe viwili.

Msomaji, Kisumu