ECOG 3 kwenye faili la mama: je, dawa kali ndiyo basi?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 79. Kipimo cha kinyama kimeonyesha limfoma ya seli B kubwa, saratani ya tezi ile inayokua haraka. Kwenye faili wameandika "ECOG 3" na tumeambiwa huenda hataweza dripu za kemo. Miezi mitatu iliyopita alikuwa analima. Hiyo namba maana yake nini, na inaweza kubadilika?

Jibu: Marahaba. Inaweza, na kwa ugonjwa huu hasa. Sentensi yako ya kulima ndiyo yenye uzito kuliko namba yenyewe.

ECOG hupima jambo moja: mgonjwa anajimudu kiasi gani sasa hivi. Sifuri ni mtu asiye na kizuizi chochote. Moja, kazi nzito zimemshinda lakini nyepesi anafanya. Mbili, anajihudumia mwenyewe ila hawezi kazi, na zaidi ya nusu ya mchana yuko kwa miguu yake. Tatu, zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani au kitini na anajihudumia kwa shida. Nne, hatoki kitandani kabisa. Kwa saratani nyingi, mgonjwa wa ECOG 3 au 4 akipewa dawa kamili huishia kuumia kuliko kunufaika, ndiyo maana daktari wenu amesita.

Namba hiyo haisemi mtu amefikishwa hapo na nini. Bibi mwenye limfoma ambaye kiharusi kilishamweka kitini miaka miwili kabla ni ECOG 3, na mama yako aliyeangushwa na limfoma ndani ya wiki chache ni ECOG 3. Wa kwanza hata uvimbe ukiisha atabaki pale pale. Wa pili, ukiupunguza uvimbe, anaweza kuinuka.

Njia ya kuwatofautisha ipo. Kabla ya kemo hutolewa prednisolone, dawa inayoanza kuyeyusha uvimbe wa limfoma, mara nyingi miligramu 100 kwa siku, kwa siku tano hadi saba, pamoja na maji ya kutosha na allopurinol ili seli zinazokufa kwa wingi zisiharibu figo. Kisha alama ya ECOG inapimwa upya. (Msiinunue wenyewe dukani. Ikinywewa kabla ya kinyama inaweza kuficha limfoma, na ikinywewa bila vipimo vya damu ni hatari.) Ujanja huu ni wa limfoma. Kwa saratani ya koo la chakula, kwa mfano, prednisolone haiyeyushi uvimbe.

Tuseme siku ya saba mama anakwenda chooni peke yake na kushinda barazani. Sasa ni ECOG 2. Hapo linakuja swali la pili ambalo ECOG hailijibu, nalo ni udhaifu wa uzeeni, yaani akiba ya mwili. Nikimuuliza mzee "unaendeleaje?" atasema "mzima tu," huku binti yake nyuma anatikisa kichwa. Kwa hiyo nauliza: nani kapika jana, nani anapanga vidonge vyako, umeanguka mwaka huu? Namtembeza mita nne kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidi sekunde tano, naanza kuwa na wasiwasi. Dodoso la G8 huuliza chakula, uzito uliopungua, kumbukumbu na idadi ya dawa. Alama ya juu ni 17, na 14 kushuka chini inadai uchunguzi kamili wa afya ya uzeeni. Wapo wenye ECOG 1 wanaoangushwa na dodoso hili, nao hushangaza familia kuliko wale wa ECOG 3.

Tuseme mama amepata 12 kwenye G8 na ametembea kwa sekunde sita. Mimi nisingempa dozi kamili ya kemo, wala nisingemnyima tiba. Kuna R-mini-CHOP, mchanganyiko uleule wa dawa kwa dozi ndogo: doxorubicin miligramu 25 kwa mita ya mraba ya mwili badala ya 50, cyclophosphamide 400 badala ya 750, vincristine miligramu 1 tu, na rituximab, dawa inayolenga seli B, haipunguzwi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2011, kwa wagonjwa waliozidi miaka 80, ulikuta takriban asilimia 59 wako hai baada ya miaka miwili. Lakini wengi wao waliingia wakiwa na ECOG sifuri hadi mbili, kwa hiyo msiisome takwimu hiyo kama ahadi kwa aliyeanzia tatu. Kabla ya dripu ya kwanza apimwe moyo kwa echo, kwa sababu ya doxorubicin, na homa ya ini B, ambayo rituximab inaweza kuiamsha. Mzunguko wa kwanza ndio wenye hatari zaidi: homa yoyote, hata usiku wa manane, ni kwenda hospitali.

Prednisolone isipomwinua, kemo ya aina hii siishauri. Hapo tunatibu maumivu, homa na jasho, na kutoa dawa nyepesi au mionzi kwenye uvimbe unaomsumbua.

Mkirudi kliniki, mwandikieni daktari mama alikuwa anafanya nini mwezi kwa mwezi tangu kabla ya kuugua, kisha muulizeni: "Hii tatu ni ya limfoma, au alikuwa nayo?"